RAM 16 au 32 kwa Cities: Skylines yenye aseti 3,100? Naomba ushauri kabla sijatoa hela

Mjenzi_Mwanza

Habari za jioni wakuu.

Nina laptopu yenye RAM gigabaiti 16, vipande viwili vya 8. Kadi ya picha ina gigabaiti 4 zake, na diski ni SSD ya 512. Nacheza Cities: Skylines ile ya kwanza, ya 2015. Mji wangu nimeujenga kwa miaka miwili, uko kando ya ziwa, una vilima na mawe, na kila jengo nimelichagua mwenyewe kutoka Workshop ya Steam. Mpaka sasa nimejiunga na aseti 3,100 hivi: nyumba, miti, magari, barabara, alama za barabarani.

Tangu wiki iliyopita mji haufunguki. Mstari wa kupakia unafika karibu na mwisho, gemu inajifunga yenyewe, narudi kwenye desktop bila ujumbe wowote. Nimejaribu mara tisa.

Fundi wa dukani kaniambia bila kufungua mashine: weka 32. Tatizo RAM imepanda bei sana tangu mwishoni mwa 2025, na kwa kuwa sloti zangu mbili zote zimejaa itanibidi nitoe vyote nianze upya. Kwa hiyo nauliza wenye uzoefu na gemu zilizojaa modi: ni kweli 16 imeshindwa, au kuna kitu nakosea?

Chuma_Imara

Mkuu, weka 32 ulale usingizi. Mimi nina 32 na nikicheza naona 19 imetumika. Hesabu ni rahisi, 19 haiingii kwenye 16.

Kijana_wa_Ilala

Siyo rahisi hivyo. Mimi nina 16, nacheza hiyohiyo gemu na modi zake. Nikifungua Task Manager naona gemu imetumia 9 tu. Windows inachukua 3 au 4, jumla 13. Nafasi bado ipo. Mjenzi, tatizo lako ni modi iliyoharibika, zima moja moja mpaka uipate.

Fundi_Kombo

Mjenzi, shikamana na hela yako kwanza. Chuma na Kijana wote wamesoma namba za kweli ila zinajibu maswali mengine. Windows ikiwa na RAM nyingi huacha vitu vingi vikae humo, kwa hiyo 19 ya Chuma si lazima iwe 19 kwenye mashine yako. Na ile 9 ya Kijana ni sehemu ya gemu iliyomo ndani ya RAM wakati ule tu. Gemu inaweza kuwa imeomba 18, tisa zikawa zimewekwa kwenye diski.

Nisaidie mambo matatu ndipo tuongee:

Kwanza, fungua Task Manager, nenda Performance, bonyeza Memory. Usiangalie grafu. Chini yake kuna neno Committed lenye namba mbili, mfano 11.2/24.0 GB. Niandikie hizo namba kabla ya kufungua gemu, na tena sekunde za mwisho kabla haijajifunga.

Pili, fungua Event Viewer, Windows Logs, System. Tafuta tukio namba 2004 lenye chanzo Resource-Exhaustion-Detector, saa ileile gemu ilipojifunga.

Tatu, kuna mtu aliwahi kukwambia uzime pagefile, yaani lile faili la diskini ambalo Windows huhamishia vitu RAM ikibanwa?

Nuru_ya_Kesho

Samahanini wakubwa, mimi simu yangu ni GB 32 na imejaa, nikitaka kuweka modi za GTA San Andreas inasema nafasi haitoshi. Nikinunua kadi ya memori ya 32 itasaidia?

Fundi_Kombo

Nuru, hiyo 32 yako ni sehemu ya kuhifadhia mafaili, kama stoo. Hapa tunaongelea meza ya kufanyia kazi, ambayo husafishwa kila ukizima. Kwako kadi inaweza kusaidia kuhamishia picha na video ili stoo ya simu ipumue. Fungua uzi wako kule upande wa simu, uandike aina ya simu, utapata watu wanaoijua vizuri kuliko mimi.

Mjenzi_Mwanza

Fundi, asante. Majibu haya hapa.

Kabla ya gemu: 4.1/15.8. Sekunde chache kabla ya kujifunga: 15.6/15.8. Nimerudia mara mbili, inaishia palepale.

Tukio 2004 lipo, yapo saba. Linasema Windows imegundua upungufu wa virtual memory, na la kwanza kwenye orodha ni Cities.exe, baiti bilioni 11 na kitu.

Na ndiyo, pagefile niliizima mwezi uliopita. Niliambiwa inaua SSD na kwamba mwenye 16 haihitaji.

Fundi_Kombo

Basi umeshajua kwa nini inajifunga.

Ile namba ya pili, 15.8, ni ukomo wa ahadi ambazo Windows inaweza kutoa. Programu ikiomba memori, Windows huahidi kwanza, hata kama programu haijaanza kuitumia. Ukomo huo ni RAM ujumlishe pagefile. Wewe umefuta pagefile, kwa hiyo umebaki na RAM peke yake, na gemu ilipoomba zaidi ya kilichobaki ikaambiwa hakuna. Cities haina namna ya kupokea jibu hilo, inaanguka. Ndiyo maana hata Kijana akikutafutia modi mbovu mwaka mzima hataiona.

Rudisha hivi: System, Advanced system settings, chini ya Performance bonyeza Settings, kisha Advanced, Virtual memory, Change. Weka tiki kwenye Automatically manage paging file size for all drives. Acha gigabaiti 40 hivi wazi kwenye SSD. Zima mashine uiwashe upya.

Kuhusu kuua SSD: diski inachakaa kwa kuandikwa, hilo ni kweli. Lakini pagefile kuwepo siyo sawa na pagefile kuandikwa muda wote. Windows ikiwa na nafasi kwenye RAM haiendi huko sana.

Nitakuambia mapema ili usifurahi kabla ya wakati: mji utafunguka, lakini huenda usichezeke. Kuanguka na kukwama ni magonjwa mawili tofauti. La kwanza linatibiwa na pagefile, bure. La pili ndilo linaloamua kama unahitaji RAM.

Mjenzi_Mwanza

Umefunguka! Baada ya dakika 31. Nilikuwa nimekata tamaa kabisa na mji huu, nashukuru sana.

Ila ulivyosema ndivyo ilivyo. Nikisogeza kamera kutoka bandarini kwenda mlimani picha inaganda sekunde mbili tatu, inaendelea, inaganda tena. Committed ni 25.6/38.4. In use 15.3. Mouse yenyewe inachelewa.

Fundi_Kombo

Fungua Resource Monitor, Memory, tazama safu ya Hard Faults/sec mbele ya Cities.exe ukisogeza kamera.

Mjenzi_Mwanza

Nikitulia ni sifuri au tano. Nikisogeza inaruka mamia, kuna mara imepita 2,000.

Fundi_Kombo

Hilo ndilo jibu la swali lako la kwanza. Kila moja ya hizo ni ukurasa ambao prosesa iliutaka, haukuwepo kwenye RAM, ikabidi usubiriwe kutoka diskini. Ingekuwa sifuri huku picha inaganda, ningesema tatizo liko kwenye prosesa au kadi ya picha, na RAM ungenunua bure. Kwa namba zako, mzigo wa 25 umebebwa na 16.

Sasa kabla ya kununua, tuulize kwa nini ni 25. Gemu hii ina tabia ambayo gemu nyingi za dunia kubwa hazina. Kwenye gemu ya kutembea, mandhari hupakiwa unapokaribia na hutupwa ukiondoka. Cities inapakia kila aseti uliyoiwasha, yote, mwanzoni kabisa, hata kama hujaweka hata moja mjini. Ule mti uliojiunga nao mwaka juzi ukausahau bado unakaa mezani.

Na ukubwa wa aseti haumo kwenye umbo, umo kwenye teksicha, yaani picha zinazofunika umbo hilo. Chukua teksicha moja ya 2048 kwa 2048, iliyobanwa kwa DXT5. Kila nukta ni baiti moja, kwa hiyo ni megabaiti 4. Ongeza nakala zake ndogo za kuonekana kwa mbali, ambazo ni theluthi nyingine, unafika 5.3. Jengo moja linaweza kuwa na teksicha tatu za namna hiyo: rangi, mabonde ya uso, na taa na kadhalika. Tayari ni megabaiti 16 kwa jengo moja. Majengo elfu moja ya uzito huo ni gigabaiti 16. Bahati nzuri wengi wanatengeneza aseti ndogo kuliko hapo, lakini wachache wakubwa ndio wanaokula meza yote.

Weka Loading Screen Mod Revisited. Kwenye mipangilio yake washa kushirikisha teksicha, materiali na maumbo, ili majengo kumi ya mtunzi mmoja yanayotumia ukuta uleule yasiupakie mara kumi. Washa pia ripoti ya aseti. Ukishafungua mji itakuachia faili la HTML linaloonyesha aseti zilizoko mjini na zisizotumika. Lisome kwa utulivu, halafu ujiondoe kwenye zisizotumika.

Ina pia njia ya kupakia zile tu zilizotumika mjini. Hiyo inapunguza sana, lakini ukitaka kujenga kitu kipya, aseti ambayo hujawahi kuiweka haitakuwepo kwenye menyu. Kwa anayetembeza kamera na kupiga picha inafaa. Kwa anayejenga inachosha.

Binti_Tanga

Fundi, naomba na mimi unisikilize, yangu ni Minecraft ya Java. Pakiti ina modi 250, RAM yangu ni 16. Mwanzoni ilikuwa inaganda, nikaongeza memori ya gemu nikaweka:

```
-Xmx12G
```

Ikawa mbaya zaidi. Inacheza vizuri dakika moja halafu inasimama nzima, halafu inaendelea. Pagefile yangu ipo, sijaigusa. Nami ninunue 32?

Fundi_Kombo

Dada, hapo sidhani. Hiyo 12 siyo gemu nzima, ni sehemu ya vitu vya Java tu. Java yenyewe, viendeshi vya kadi ya picha na maktaba nyingine huchukua memori nje ya hiyo. Ukijumlisha na Windows na kivinjari, umepita 16. Isitoshe Java haitupi takataka papo hapo, huziacha zirundikane kisha hufagia. Chumba kikubwa hurundika nyingi, na kama sehemu ya chumba imeshahamishiwa diskini, fagio lazima lifuate huko. Ndiyo kusimama unakokuona.

Bonyeza F3 ukiwa ndani ya gemu, tazama juu kulia palipoandikwa Mem. Asilimia itapanda, itashuka ghafla, itapanda tena. Mimi huangalia inashuka mpaka wapi. Ikishuka mpaka 40, chumba ni kikubwa kuliko haja. Ikishuka mpaka 85 tu, chumba ni kidogo kweli.

Binti_Tanga

Inashuka mpaka 38 au 40. Ngoja niweke 8 nirudi.

Dovakini_Arusha

Wakuu nipingane kidogo na mwelekeo wa uzi. Mimi nina Skyrim Special Edition, modi zaidi ya 900, RAM 16, na sioni haja ya 32. Ile ya zamani ya 2011 ndiyo ilikuwa tabu, ilikuwa programu ya biti 32 na hata ungeweka RAM ngapi haikuvuka gigabaiti 4. Hii ya 2016 ni ya biti 64 na haina kikwazo hicho. Pagefile nimeiweka kwa mkono, 20480 mwanzo na 40960 mwisho, kama orodha nyingi za modi za Wabbajack zinavyoelekeza. Haianguki.

Kilichonikwamisha kilikuwa memori ya kadi ya picha. Teksicha za 4K zilijaza kadi yangu ya gigabaiti 6, fremu zikashuka kutoka 60 hadi 20 kila nikiingia msitu wa Falkreath. Nikashusha za mawe na miti kuwa 2K, nikaacha 4K kwa mavazi na nyuso. Shida ikaisha, RAM ileile.

Chuma_Imara

Lakini wewe hujaongeza uGridsToLoad. Ukiongeza utaitafuta 32.

Dovakini_Arusha

Sijaongeza, na simshauri mtu. Ya kawaida ni 5, maana yake seli 5 kwa 5 zinazokuzunguka, jumla 25, ndizo zinakuwa hai. Ukiweka 7 zinakuwa 49, karibu mara mbili, na siyo mandhari tu, hata watu na wanyama na skripti zao zote zinaamka. Ukishasevu humo kurudi 5 ni shida, sevu inaweza isifunguke. Mandhari ya mbali natengeneza kwa DynDOLOD.

Fundi_Kombo

Dovakini yuko sahihi kwa gemu yake, na ndiyo sababu napenda aliyeandika aseti 3,100 asijibiwe sawa na aliyeandika modi 900. Skyrim inabeba inachokiona. Cities inabeba ghala lote.

Mzee_wa_Anga

Mimi ni mtu wa ndege. Microsoft Flight Simulator 2024 watengenezaji wenyewe wameandika: kiwango cha chini 16, kinachopendekezwa 32, kizuri zaidi 64. Nilianza na 16. Kutoka Mombasa kwenda Zanzibar kwa ndege ndogo hakuna neno, chini ni bahari tu. Nikitua mji mkubwa wenye majengo mengi, na ndege ya kununua yenye vioo vingi vya rubani, inaganda fainali, futi 500 kutoka ardhini, mahali ambapo mtu hawezi kusubiri. Nilipoweka 32 kuganda kule kukaisha. Fremu hazikuongezeka hata moja, niwe mkweli. Kilichoisha ni kuganda.

Kwa hiyo vijana, mwenye nia ya kucheza gemu za miaka hii asiangalie ya 2015 peke yake.

Kijana_wa_Ilala

Mzee hapo nimekuelewa. Na Fundi nimekagua yangu, kumbe Committed ni 17.9 wakati ile safu niliyokuwa naiangalia inasema 9. Miezi yote nilidhani nina akiba. Haigandi kwa sababu naijengea sehemu moja tu, sizunguki.

Mjenzi_Mwanza

Nimerudi baada ya siku tatu za kusoma ripoti.

Zisizotumika zilikuwa 1,740 kati ya 3,100. Sikuamini. Kuna pakiti ya miti niliyojiunga nayo kwa ajili ya mti mmoja. Kuna magari 200 ya nchi ambazo mji wangu haufanani nazo. Nimejiondoa kwenye 1,500 hivi, nikaacha zile ninazopanga kuzitumia kwenye mtaa wa soko.

Kushirikisha teksicha nimewasha. Sasa mji unafunguka kwa dakika 11. Committed ni 18.3. Hard Faults nikisogeza kamera ni kumi, ishirini, mara chache mia. Kuganda kumebaki sehemu moja: nikitoka kuangalia mji wote kwa juu halafu nishuke ghafla stesheni.

Nikifunga kivinjari kabla ya kuanza, Committed inashuka mpaka 16.9 na hata hiyo ya stesheni inapungua.

Binti_Tanga

Nimeweka `-Xmx8G`. Kusimama kule kumekwisha kabisa. Inashuka mpaka 60 ikifagia. Bado nikiruka kwenda eneo jipya inakwamakwama, ila nadhani huko ni kutengeneza dunia, prosesa inafika mwisho. Asante kaka Kombo.

Fundi_Kombo

Ndiyo dada, kutengeneza vipande vipya vya dunia ni kazi ya prosesa. RAM haigusi hapo.

Mjenzi, kwa 18.3 umebakiza gigabaiti mbili na nusu juu ya RAM yako. Hapo sasa kununua au kutonunua ni uamuzi wa mfuko, mashine haikulazimishi tena. Kuna njia ya kati: toa kipande kimoja cha 8, weka cha 16, ubaki na 24. Nunua kimoja badala ya viwili. Hakikisha ni aina ileile, DDR4 kwa DDR4, na kasi isipungue ya kile kinachobaki, kwa sababu vyote vitaenda kwa kasi ya kile cha polepole. Ona ulichonacho kwa PowerShell:

```
Get-CimInstance Win32_PhysicalMemory | Select DeviceLocator,Capacity,Speed
```

Chuma_Imara

Fundi, hapo sikubali. 8 na 16 hazilingani, utapoteza njia mbili za prosesa kusoma vipande vyote kwa pamoja, fremu zitaanguka. Bora akae na 16 akusanye hela ya 16 mbili.

Fundi_Kombo

Hazipotei zote. Kwenye mashine nyingi 16 za kwanza, nane kutoka kila kipande, zinaenda kwa njia mbili, na zile 8 za juu zinaenda kwa njia moja. Hata njia moja ya RAM ni haraka mara nyingi kuliko SSD. Angekuwa anategemea kadi ya picha ya ndani ya prosesa, inayokopa RAM, ningekubaliana nawe bila ubishi.

Chuma_Imara

Nimewahi kufungua mashine za aina hiyo na nikaona tofauti ya fremu. Tumuache apime mwenyewe.

Mjenzi_Mwanza

Nimepata kipande cha 16 kilichotumika, kwa mtu aliyebadilisha laptopu. DDR4, 3200, sawa na changu. Nilikipima usiku kucha kwa MemTest86 kabla sijamlipa, hakikuonyesha kosa hata moja.

Sasa niko 24. Mji unafunguka kwa dakika 8, Committed 18.9/27.8, Hard Faults stesheni hazizidi tano. Kuganda hakuna. Fremu zilikuwa 27 mlimani, sasa ni 26 au 27, kwa hiyo Chuma sijaona anguko, lakini gemu hii prosesa ndiyo inaibana kwa wakazi 140,000, huenda gemu nyingine ingeonyesha tofauti.

Pagefile nimeiacha palepale. Leo nimeanza mtaa wa soko, na nimerudisha aseti 60 tu, kila moja nikiangalia kwanza kwenye ripoti inakula kiasi gani. Mzee wa Anga, nikipata hiyo gemu ya ndege nitarudi hapa kukuuliza kuhusu 32.